Milioni 40 kwa Asilimia 10: Nilivyomwomba Mzee Mmoja Mtaji wa Mafuta ya Nywele

Mwezi Juni 2021 nilikwenda Ngamiani, Tanga, kumwona mzee mmoja mstaafu wa bandari ambaye alikuwa amehifadhi sehemu ya kiinua mgongo chake na alikuwa akitafuta biashara ya kuiweka. Nilibeba karatasi nane zilizopigwa chapa vizuri, zikiwa na picha za rangi za bidhaa zangu, pamoja na chupa tatu za mafuta ya nywele ninayoyatengeneza kwa mafuta ya nazi kutoka Pangani, mafuta ya nyonyo na mawaridi kidogo kwa ajili ya harufu. Ombi langu lilikuwa kwenye karatasi ya mwisho: milioni 40 za shilingi kwa asilimia 10 ya biashara.

Mzee alianzia karatasi hiyo ya mwisho. Alikuwa karani wa kupokea shehena kwa miaka mingi, na nadhani kazi hiyo ilimfundisha kutazama idadi kwanza kabla ya kusifu mzigo. Alichukua kalamu, akazidisha 40 kwa 10, akaandika 400 pembeni, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, biashara hii ina thamani ya milioni 400?"

Nilijibu kwamba ndiyo, nikaanza kueleza jinsi soko la bidhaa za nywele linavyokua na idadi ya saluni zilizomo mjini. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeikokotoa ile 400 hata siku moja. Nilikuwa nimeamua kwamba nahitaji milioni 40, nikaona asilimia 10 ni sehemu ndogo ambayo haitaniuma kuitoa, na thamani ya biashara ikazaliwa yenyewe kutokana na tarakimu hizo mbili. Nilikuwa nimewaona watu wakifanya hivyo katika vipindi vya televisheni vya Wamarekani, nikadhani ndiyo desturi.

Aliniuliza faida ya mwaka. Nikamwambia milioni 24, na hapo nilikuwa na uhakika, kwa sababu daftari langu lilikuwa safi. Kwa mwezi nilikuwa nikiuza chupa 900 za mililita 200 kwa bei ya jumla ya shilingi 7,000. Kila chupa ilinigharimu shilingi 3,700: mafuta na viungo vyake 2,500, chupa na kifuniko 700, lebo 200, na usafiri 300. Kwa hiyo kila chupa iliniachia 3,300, na chupa 900 ziliniachia shilingi 2,970,000. Nikiondoa kodi ya chumba, mishahara ya mabinti wawili, umeme na simu, jumla shilingi 970,000, nilibaki na milioni mbili kamili kila mwezi.

"Na wewe unalipwa shilingi ngapi?"

Nilicheka, kwa sababu swali lilinishangaza. Nilimweleza kwamba mimi ni mwenyewe, nachukua ninapohitaji. Mzee hakucheka. Alisema kwamba kama kesho nitaugua, yeye kama mwenye hisa atalazimika kumwajiri mtu wa kupika mafuta, kuzungukia saluni na kuandika daftari, na mtu huyo hatachukua anapohitaji, atataka mshahara. Tulikubaliana kwamba mtu wa aina hiyo mjini Tanga angelipwa si chini ya shilingi 800,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 9.6. Aliifuta ile 24 akaandika 14.4.

Kisha akauliza kuhusu mizigo inayorudi. Hapa ndipo nilipotoka jasho, maana mizigo inayorudi sikuwa nikiiandika popote. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi, na wakati wa baridi, Juni na Julai, wateja wangu wa Lushoto walikuwa wakirudisha chupa wakidai zimeharibika, au wakilalamika kwamba mafuta hayatoki. Hayakuwa yameharibika hata kidogo, lakini yakiganda ndani ya chupa yenye shingo nyembamba mteja hawezi kuyachokoa, na mwenye duka hana muda wa kumfundisha mteja kuiweka chupa kwenye maji ya moto. Juu ya hayo kulikuwa na saluni zilizochukua mzigo kwa mali kauli zikafunga milango bila kulipa. Tulikaa tukahesabu vitu hivyo viwili kwa kumbukumbu zangu na meseji za simu, tukapata wastani wa shilingi 200,000 kwa mwezi. Faida ikashuka hadi milioni 12 kwa mwaka, na hiyo ni kabla ya kodi ya mapato.

Basi akarudi kwenye ile 400. Kama faida yote ya mwaka ingegawiwa bila kubakisha hata shilingi ya kununulia chupa, asilimia 10 yake ingekuwa milioni 1.2, na milioni 40 zake zingerudi baada ya miaka 33. Mwezi Aprili mwaka uleule serikali ilikuwa imetoa kwa mara ya kwanza hatifungani, yaani karatasi ya kuikopesha serikali, ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95, ambayo haikatwi kodi na huuzwa kupitia Benki Kuu. Milioni 40 kule zingemletea milioni 6.38 kila mwaka huku amekaa barazani. "Mimi riba sili," alisema, "lakini wanangu wameniletea karatasi zake, na wewe ujue kwamba kila utakayemfuata ameziona."

Kauli hiyo niliondoka nayo. Nilikuwa nikidhani kwamba nashindana na watengenezaji wengine wa mafuta, kumbe katika shilingi ya mwenye mtaji nilikuwa nashindana na Benki Kuu.

Kabla sijaondoka alinionyesha pia ukurasa wa matumizi ya fedha. Nilikuwa nimeandika: matangazo milioni 12, gari milioni 10, mashine milioni 8, kufungua duka la mjini milioni 5, na mengineyo milioni 5. Alizungushia duara neno "mengineyo" akasema kwamba bandarini mzigo usio na jina haukuwa ukitoka getini. Kuhusu gari aliuliza swali moja tu: ni chupa ngapi nilishindwa kuuza mwezi uliopita kwa kukosa gari? Sikuwa na jibu. Zilikuwa sifuri, kwa sababu mizigo ya Lushoto, Korogwe na Muheza nilikuwa nikiituma kwa mabasi.

Nilikaa wiki tano kabla ya kurudi, na kazi niliyoifanya katika wiki hizo ilikuwa kujiuliza swali lile la gari kwa kila kifungu: ni kitu gani hasa kinachonizuia nisiuze chupa ya 901? Nilipowafuata wenye maduka ya dawa na duka moja kubwa la kujihudumia, wote walinipa jibu moja, kwamba hawapokei kipodozi kisicho na alama ya ubora ya TBS. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa TBS kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na maduka yalikuwa yakiogopa wakaguzi, hasa kwa sababu ya mkorogo. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku, na muuzaji hana njia ya kujua kilichomo ndani ya chupa isiyo na alama. Ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ilinieleza kwamba mjasiriamali mdogo mwenye barua yao ya utambulisho hupata nafuu kubwa katika gharama za TBS zenyewe. Fedha inakwenda kwenye chumba: vigae, neti za madirisha, sinki la kunawia, meza ya chuma kisichoshika kutu, na kutenganisha pahali pa kupikia na pahali pa kujazia. Fundi alinikadiria milioni 4.

Kizuizi cha pili kilikuwa chupa. Nilikuwa nikinunua Kariakoo mia tano mia tano kwa shilingi 700, ilhali kiwanda kilinipa bei ya 450 iwapo ningechukua 10,000 kwa mkupuo, na kilikuwa tayari kunichanganyia makopo ya mdomo mpana kwa ajili ya sehemu za baridi, ambayo mteja anaweza kuyachota kwa vidole hata mafuta yakiwa yameganda. Hiyo ni milioni 4.5, na inapunguza gharama ya kila chupa kwa shilingi 250. Cha tatu kilikuwa kujaza kwa mkono kwa birika na faneli, kazi iliyokuwa ikituishia kwenye chupa 60 kwa siku. Tangi la chuma kisichoshika kutu pamoja na mashine ndogo ya kujazia vilikuwa milioni 4.5. Halafu kulikuwa na fedha za kuzungusha, milioni 5, kwa sababu maduka ya dawa hulipa baada ya siku 30 na mafuta ya nazi sharti yanunuliwe mapema kabla ya Ramadhani, nazi zikiwa hazijapanda bei. Milioni 2 zilizobaki niliziita akiba, nikaandika kwamba haziguswi bila sahihi mbili, yangu na ya mwekezaji.

Jumla ilikuwa milioni 20, nusu ya nilichoomba mwanzo. Matangazo hayakuwemo, na sikuyakumbuka.

Thamani ilinipa taabu zaidi. Binamu yangu ambaye ni mhasibu aliniambia kwamba biashara ndogo inayomtegemea mtu mmoja, yenye bidhaa moja na wateja wasio na mkataba, haipimwi kwa ndoto za miaka kumi. Watu huchukua faida halisi ya mwaka wakaizidisha mara tatu, mara nne, mara tano, kutegemea wanavyoiamini, na idadi hiyo maana yake ni miaka ambayo mnunuzi yuko tayari kungojea fedha yake irudi iwapo hakuna kitakachokua. Niliamua kwenda na mara sita nikijua kwamba nitashushwa. Mzee alikuja na mara nne. Tulikutana kwenye tano, na milioni 12 mara tano zikatupa milioni 60. Nakiri kwamba tulitumia faida kabla ya kodi, jambo lililonipendelea mimi, na yeye hakulipinga.

Hapo nusura nifanye kosa ambalo lingenigharimu sehemu ya biashara bila mtu yeyote kunidanganya. Katika rasimu yangu niligawa milioni 20 kwa 60, nikapata theluthi moja, nikaandika kwamba mwekezaji atapata asilimia 33. Binamu yangu aliifuta. Milioni 60, alisema, ni thamani ya biashara kabla fedha ya Mzee haijaingia. Fedha ikishaingia kwenye akaunti, biashara ina zile 60 pamoja na 20 taslimu, yaani 80, na sehemu ya aliyeleta 20 ni robo, si theluthi. Tofauti ni asilimia nane na kitu za kila gawio litakalolipwa maishani. Tangu siku hiyo kila ninapomsikia mtu akitaja thamani ya biashara yake humwuliza kwanza kama ni ya kabla au ya baada, na wengi hunitazama kama nilivyomtazama binamu yangu.

Ilibidi pia jambo hilo liandikwe sawasawa. Nilisajili kampuni kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, hisa 750 zikawa zangu na dada yangu, na kampuni ikatoa hisa mpya 250 kwa Mzee. Hakununua hisa zangu, kwani angezinunua zangu fedha ingekuwa yangu mfukoni na biashara ingebaki na birika lake. Kugeuka kampuni kulikuwa na bei yake: nilitoka kwenye kodi ya makadirio ya mfanyabiashara mdogo, nikaingia kwenye asilimia 30 ya faida. Hilo ni lazima liingizwe kwenye hesabu za mwekezaji, na mimi katika rasimu ya kwanza nilikuwa nimelisahau.

Sehemu ya mapato yake ndiyo tuliyoijadili muda mrefu kuliko zote, jioni mbili nzima. Nilimwonyesha hesabu ya hali nzuri. Tukifika chupa 1,500 kwa mwezi, kila moja ikiacha 3,550 kwa ajili ya chupa za bei nafuu, tunapata shilingi 5,325,000. Tukiondoa gharama za chumba, mabinti ambao sasa ni watatu, mshahara wangu, na shilingi 300,000 za mizigo inayorudi na madeni mabaya, inabaki milioni tatu na ushei kwa mwezi, au milioni 36 kwa mwaka. Kodi inachukua asilimia 30, zinabaki milioni 25.2. Nilipendekeza tugawe asilimia 40 ya hizo na kubakiza nyingine kwenye biashara. Robo yake ni milioni 2.52, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 10 anapata takriban milioni 2.27.

Aliiangalia kwa muda mrefu. Milioni 20 zake kwenye ile hatifungani zingemletea milioni 3.19, na hapa nilikuwa nimemwonyesha milioni 2.27 katika hali nzuri, iwapo kila kitu kitakwenda nilivyoomba Mungu.

Nilimjibu kwa kile nilichofundishwa, kwamba faida yake kubwa haiko kwenye gawio, iko kwenye thamani ya hisa. Kwa kipimo kilekile cha mara tano, kampuni yenye faida ya milioni 36 ina thamani ya milioni 180, na robo yake ni milioni 45. Amezidisha mtaji wake mara mbili na zaidi. Mzee alitikisa kichwa. "Hizo 45 nitampelekea nani?" Akaeleza kwamba hisa za kampuni ya mafuta ya nywele ya Tanga hazina soko la hisa, wala hajaona tajiri anayepita Barabara ya Ishirini akiuliza hisa za mtu. Yeye alikuwa na umri wa miaka 66, na utajiri wa kwenye karatasi hauwezi kumlipia mjukuu ada.

Hilo ndilo swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amenitayarishia, na jibu lake ndilo lililofunga makubaliano. Tuliandika kwamba kuanzia mwisho wa mwaka wa tatu, kila mwaka Mzee ana haki ya kunitaka nimnunulie hisa 50, yaani asilimia 5 ya kampuni, kwa bei itakayokokotolewa wakati huo kutokana na wastani wa faida ya miaka miwili iliyopita mara tano. Hakuna bei iliyopangwa mapema, na kwa hiyo kwake haikuwa riba: biashara ikifanya vizuri anauza ghali, ikianguka naye anaanguka nayo. Nilijaribu kwanza kuona kama nitaweza kulipa. Faida ikiwa milioni 36, hisa 50 ni milioni 9, na gawio langu mimi na dada yangu baada ya kodi ni milioni 6.8, pengo la milioni 2.2 lingetoka kwenye mshahara wangu au kwenye gawio kubwa zaidi mwaka huo. Faida ikiwa milioni 24, hisa 50 ni milioni 6 na gawio letu ni milioni 4.5. Inabana lakini haivunji mgongo. Angetaka hisa zote 250 kwa mara moja nisingeweza kwa hali yoyote, na nilimwambia hivyo.

Tuliandika pia hali mbaya, kwa ombi lake. Iwapo faida itabaki palepale kwenye milioni 12, gawio lake lingekuwa kama shilingi 756,000 kwa mwaka, ambayo haifiki hata asilimia 4 ya fedha yake. Alitaka tarakimu hiyo iandikwe kwenye mkataba na wanawe watie sahihi pembeni kwamba wameiona, ili siku ya siku wasije wakasema baba yao alidanganywa na binti wa mafuta.

Fedha iliingia Septemba 2021. Alama ya TBS ilichukua muda mrefu kuliko nilivyokadiria, kwa sababu sampuli yangu ya kwanza ilirudishwa kwa kasoro ya lebo: sikuwa nimeandika tarehe ya mwisho ya matumizi mahali inapotakiwa, na nilikuwa nimeshachapa lebo 4,000. Hizo zililipwa kutoka kwenye ile akiba ya sahihi mbili, na Mzee alisaini bila maneno baada ya kuikagua lebo moja kwa miwani. Maduka ya dawa yalipoanza kuchukua mzigo, duka lililochukua mzigo mkubwa kuliko yote lilikuwa likilipa baada ya siku 60 badala ya 30, hivyo kuna mwezi chumba kilikuwa na tangi jipya na makopo elfu kadhaa lakini hakikuwa na fedha ya mafuta. Ningeandika mradi ule leo, fedha ya kuzungusha ingekuwa milioni 8 na mashine ingesubiri.

Mwaka wa kwanza kamili ulifungwa kwa faida ya milioni 19, kidogo zaidi ya nusu ya hali nzuri. Nilimpelekea hesabu zake barazani: baada ya kodi milioni 13.3, za kugawa milioni 5.32, robo yake 1,330,000, na baada ya zuio shilingi 1,197,000. Aliingiza tarakimu kwenye daftari lake chini ya ile 756,000, akaacha mstari mmoja mtupu, kisha akaniuliza kama makopo ya Lushoto yameshafika, kwa kuwa Juni ilikuwa inakaribia.